Waifai ya hoteli imeunganishwa lakini ukurasa wa kuweka vocha hautokei. Nifanyeje uje?

Mkaguzi_Safarini · saa 2:47 usiku

Wakuu, habari za usiku. Niko Dodoma kikazi, hoteli sitaitaja. Mapokezi wamenipa kikaratasi chenye vocha ya herufi sita, dada akaniambia "unganisha tu waifai, ukurasa utakuja wenyewe". Nimeunganisha, haina paswedi, alama imejaa, simu imeandika Connected. Huo ukurasa nausubiri tangu saa moja.

Kinachonichanganya ni kwamba Google inafunguka! Natafuta kitu, majibu yanakuja chapchap. Nikibonyeza jibu lolote, inazunguka mpaka inakata tamaa. WhatsApp inaonyesha kasaa tu. YouTube hakuna kitu. Mwenzangu wa chumba cha jirani ana iPhone, yeye ukurasa ulimrukia usoni hata kabla hajakaa kitandani. Mimi natumia Samsung.

Kuna ripoti lazima niipandishe kwenye mfumo wa ofisi kabla ya saa mbili asubuhi, na bando limebaki MB 90. Natanguliza shukrani.

DaAsha_Tabata · saa 2:55 usiku

Pole kaka. Hiyo dawa yake ndogo. Nenda kwenye jina la hiyo waifai, bonyeza Forget, zima simu, washa, unganisha upya. Mimi kila nikisafiri ndivyo nifanyavyo na haijawahi kuniangusha.

Mzee_wa_Kisiju · saa 3:02 usiku

Vijana bwana. Hoteli umelipia, paswedi hujapewa, unataka uonyeshwe jinsi ya kuifungua kwa nguvu. Huo ni wizi wa mtandao. Waombe paswedi mapokezi.

Mkaguzi_Safarini · saa 3:06 usiku

Mzee shikamoo. Vocha ninayo mkononi, nimepewa kihalali. Hakuna mahali pa kuiandika, ndiyo shida yangu yote.

Da Asha, nimeshafanya mara mbili. Imeunganishwa, kimya vilevile.

FundiWaya · saa 3:19 usiku

Mkaguzi, umeandika jambo moja la maana sana bila kujua: Google inafunguka na vingine havifunguki. Lishike hilo, nitalirudia. Kwanza upate mtandao.

Fungua Chrome. Juu kabisa, pale panapoandikwa anwani, futa kilichopo halafu andika hivi, herufi kwa herufi, pamoja na hiyo `http://` ya mwanzo:

```
http://neverssl.com
```

Usiweke `https`. Ukishabonyeza, subiri hata sekunde kumi.

Mkaguzi_Safarini · saa 3:24 usiku

Nimeandika, imeniletea orodha ya majibu ya Google. Nikabonyeza la kwanza, linazunguka.

FundiWaya · saa 3:26 usiku

Umeandika kwenye kile kiboksi cha Google kilichoko kwenye uso wa simu, sivyo? Hicho kinatafuta, hakikupeleki. Ingia ndani ya Chrome yenyewe, kwenye mstari wa anwani.

Mkaguzi_Safarini · saa 3:31 usiku

DUH. Umekuja! Nembo ya hoteli, picha ya bwawa la kuogelea, na sehemu ya kuandika vocha. Kwenye mstari wa anwani neverssl imepotea, sasa pameandikwa hivi:

```
http://10.5.50.1/login?dst=http%3A%2F%2Fneverssl.com%2F
```

Nimeweka vocha, WhatsApp imeingia meseji 43 kwa mpigo. Mkuu ubarikiwe. Lakini nieleze, kwa nini mimi nihangaike na mwenye iPhone asihangaike?

Kijana_wa_Posta · saa 3:38 usiku

Kumbukeni na hii wadau, haihitaji tovuti yoyote. Andika 192.168.1.1 au 1.1.1.1 kwenye brauza, ukurasa unakuja. Hiyo ni kwa ruta zote duniani.

FundiWaya · saa 4:05 usiku

Kijana, wazo lako ni zuri ila namba umezikosea. Kweli unaweza kumwendea mlinzi wa geti, yaani ruta inayokuzuia mpaka uingie, moja kwa moja, ila kila jumba lina geti lake. Kwa Mkaguzi geti ni 10.5.50.1, na hiyo unaikuta mara nyingi kwenye ruta ya MikroTik ambayo fundi aliipanga bila kubadilisha chochote. Kwingine itakuwa 192.168.88.1, au 172.16 kitu fulani. Usikisie. Kwenye Android gusa jina la waifai uliyounganishwa, ingia kwenye maelezo yake, tafuta palipoandikwa Gateway. Kwenye iPhone gusa ile alama ya i pembeni ya jina, angalia Router. Kwenye Windows fungua dirisha jeusi uandike `ipconfig`, utaona Default Gateway. Namba utakayoiona hapo ndiyo uiandike kwenye brauza, na `http://` mbele yake.

Hiyo 1.1.1.1 si uzushi, ni kumbukumbu ya zamani. Mitambo mingi ya Cisco ilikuwa ikitumia namba hiyo kwa ukurasa wa kuingia, kwa sababu wakati ule namba hiyo haikuwa na matumizi ya maana mtandaoni. Aprili 2018 Cloudflare wakaifanya kuwa DNS yao ya umma, yaani sava ya kutafutia namba ya kila jina la tovuti. Kwa hiyo kuna majengo ambayo hajafika mtu kubadilisha, na pale bado itakubali. Kwingine inakupeleka kwa Cloudflare au popote.

Sasa swali la Mkaguzi. Ule ukurasa hauji wenyewe, hata kama dada wa mapokezi anasema hivyo. Simu ndiyo inayoufuata. Ukiunganisha tu, kabla hujagusa kitu, simu inakwenda kimyakimya kuuliza swali dogo mahali inapopajua. iPhone inakwenda `captive.apple.com` ikitarajia kurudishiwa neno Success. Android inakwenda `connectivitycheck.gstatic.com/generate_204`, pale inatarajia jibu tupu lenye namba 204. Windows inayo `www.msftconnecttest.com`. Jibu likirudi kama lilivyotarajiwa, simu inasema kuna intaneti, inakaa kimya. Likirudi jibu jingine, yaani mlinzi ameikamata njiani na kuielekeza kwake, simu inajua kuna geti, na hapo ndipo inapokufungulia kale kadirisha.

Kwa hiyo ukurasa usipokuja, jiulize nani amedanganywa. Kwa Mkaguzi aliyedanganywa ni simu. Nina hakika kubwa kwamba aliyefunga mtandao wa hoteli hiyo aliruhusu vitu vya Google vipite bila vocha. Swali la iPhone likakamatwa getini, swali la Samsung likapita. Samsung ikaambiwa 204, ikaridhika, ikalala.

Mkaguzi_Safarini · saa 4:12 usiku

Ndiyo maana Gmail nayo ilikuwa inafunguka! Nikawa najiambia intaneti ipo ila ni dhaifu.

FundiWaya · saa 4:14 usiku

Hasa. Mtandao dhaifu unachelewesha kila kitu. Huu uliokuwa nao ulikuwa unachagua.

Nyali_Breeze · saa 4:20 usiku

Salaam kutoka Mombasa. Mimi yangu ilikuwa tofauti na hiyo, kwangu hata Google yenyewe haikufunguka. Mkahawa mmoja hapa Nyali, nakwenda kila Jumamosi na laptopu na simu. Laptopu ukurasa waja, simu hauji kabisa. Nikiandika anwani yoyote kwenye Chrome napata `ERR_NAME_NOT_RESOLVED`. Hata hiyo neverssl nilijaribu, jibu lilelile.

Wiki tatu nikimlaumu mwenye mkahawa. Kumbe mwaka jana kaka yangu aliniwekea kitu cha kuzuia matangazo, kwenye Settings upande wa Private DNS, akaandika jina la sava fulani. Nilipobadilisha ikawa Automatic, ukurasa ukaja hapo hapo. Nimemwomba msamaha yule mzee wa mkahawa, akanipa kahawa ya bure.

FundiWaya · saa 4:31 usiku

Dada umeniokoa, ndiko nilikokuwa naelekea. Wako ni upande wa pili wa kisa hiki. Simu yako ilishaapa kwamba majina yote ya tovuti itauliza kwa sava ile moja tu, kwa njia iliyofungwa kwa siri, lango namba 853. Kabla ya kuingia, geti halipitishi hiyo 853. Sava haipatikani, na simu haikubali kumuuliza mwingine. Ndiyo maana ukaambiwa jina halikutambulika, hata ungeandika jina gani. Ukiweka Automatic, simu inajaribu njia ya siri, ikishindikana inatumia ile ya kawaida ya mkahawa. Ukimaliza kuingia unaweza kurudisha jina la kaka yako.

Ungeandika namba ya geti badala ya jina, ukurasa pengine ungekuja hata bila kubadilisha kitu, kwa kuwa namba haihitaji kutafutiwa. Ila kuna kurasa ambazo baada ya hapo zinakuhamishia kwenye jina, na hapo ungekwama tena.

VPN ni ndugu yake huyo. Kama ipo ile iliyowekwa kwamba hakuna kitu kutoka nje ya VPN, basi simu inasubiri VPN, VPN inasubiri intaneti, intaneti inasubiri vocha. Watatu wanatazamana.

DaAsha_Tabata · saa 4:36 usiku

Kwa hiyo Forget yangu ni bure? Mbona huwa inakubali?

FundiWaya · saa 4:40 usiku

Si bure dada. Ukisahau mtandao na kuunganisha upya unailazimisha simu iulize lile swali tena. Kama mara ya kwanza swali lilipotea njiani kwa sababu ulikuwa mbali na ruta, mara ya pili litafika na dirisha litafunguka. Kwa Mkaguzi halikupotea. Lilifika na likajibiwa vizuri mno. Simu ingeuliza mara mia ingejibiwa vilevile.

Muscat_Mswahili · saa 4:58 usiku

Wapendwa, mimi niko Muscat. Jioni mkahawa ukijaa watu simu inabaki "Obtaining IP address", halafu inaacha. Laptopu inasema imeunganishwa, lakini anwani yake inaanza na 169.254. Nimejaribu hizo http zote hapa mlizotaja. Hamna.

FundiWaya · saa 5:03 usiku

Wewe hujafika hata getini, ndugu yangu. Hiyo 169.254 kompyuta imejipa yenyewe baada ya kuomba anwani na kunyimwa. Mkahawa mdogo mara nyingi una anwani chini ya 254, na kama kila mteja aliyepita asubuhi bado ameshikiliwa yake kwa saa 24, jioni zimekwisha. Hakuna unachoweza kuandika kwenye brauza kikasaidia. Mwambie mwenye mkahawa apunguze muda wa kushikilia uwe saa moja au mbili, maana wateja wake hawalali pale.

Mkaguzi_Safarini · saa 5:10 usiku

Wakuu samahani, nimerudi. Ripoti yenyewe iko kwenye laptopu ya ofisi. Laptopu nayo ukurasa hauji, nimeandika http://10.5.50.1 haifunguki. Na nikijaribu vocha kwenye simu ya pili inaniambia imeshatumika. VPN ya ofisi inawaka yenyewe na kitufe cha kuizima kimefifia, hakibonyezeki.

Kijana_wa_Posta · saa 5:12 usiku

Ingia Task Manager uiue hiyo VPN.

FundiWaya · saa 5:20 usiku

Usiue kitu kwenye mashine ya ofisi, kesho utaandikiwa barua. Na hata ukiiua nyingi zinafufuka.

Una waya wa USB? Simu yako tayari imeshaingia. Ichomeke kwenye laptopu, nenda kwenye Settings ya simu upande wa hotspoti, washa USB tethering, na waifai ya simu iache ikiwa inawaka. Simu itagawa waifai ya hoteli kupitia waya, bando lako halitaguswa. Zima na data kabisa ili uwe na uhakika. Geti la hoteli litaiona simu tu, ambayo lilishaipokea. Laptopu itakuta intaneti iliyo wazi na VPN itawaka bila kuuliza.

Ungekuwa na laptopu isiyo na VPN, kungekuwa na njia nyingine. Kwenye simu andika `http://10.5.50.1/logout`, unatoka, kisha unaingia na vocha ileile kwenye laptopu. Kama vocha ni ya kifaa kimoja kwa wakati mmoja, inakubali. Kama fundi aliifunga kwenye simu ya kwanza moja kwa moja, haikubali, hapo ni kurudi mapokezi.

Mkaguzi_Safarini · saa 5:41 usiku

Imepanda. MB 14 kwa dakika nne. Waya nimeazima kwa mlinzi wa usiku, naye nimemwachia soda.

Nyavu_Moshi · saa 1:15 asubuhi

Nimesoma uzi huu usiku kucha nikitokwa jasho. Mimi ndiye ninayeangalia mtandao wa loji moja huku Moshi na wageni wa Android wananilalamikia jambo hilihili tangu Juni. Bosi alitaka mgeni aingie kwa akaunti yake ya Google ili loji ipate barua pepe zao. Nikaruhusu vitu vya Google vipite kabla mgeni hajaingia, hivi:

```
/ip hotspot walled-garden
add dst-host=*.google.com
add dst-host=*.gstatic.com
```

Baada ya kusoma hapa nikaongeza mstari wa kukataa juu yake:

```
add action=deny dst-host=connectivitycheck.gstatic.com place-before=0
```

Nimejaribu kwa simu yangu: mara ya kwanza ukurasa ukaja, mara ya pili hakuna, ya tatu ukaja. Simu ni ile ile, nimekaa palepale. Nimekosea wapi?

FundiWaya · saa 3:30 asubuhi

Hujakosea, umefunga mlango mmoja kati ya miwili. Android haiulizi swali moja, inatuma mawili kwa wakati mmoja. La kwanza ni lile la wazi la gstatic. La pili ni la `https` kwa `www.google.com/generate_204`. Sasa hizo ni mbio. La wazi likirudi kwanza na habari kwamba limekamatwa, simu inafungua ukurasa. La `https` likirudi kwanza na 204 safi, simu inasema intaneti ipo na haisubiri mwenzake. Kwako la pili bado linapita kwa sababu ya hiyo nyota kwenye `*.google.com`. Kwa hiyo nani anashinda inategemea bahati ya siku.

Ondoa hizo nyota. Ruhusu majina yale tu ambayo ukurasa wa Google unayahitaji, kwa mfano:

```
/ip hotspot walled-garden
add dst-host=accounts.google.com
add dst-host=ssl.gstatic.com
add dst-host=fonts.gstatic.com
```

Ukiona kuna picha au kitufe hakitokei, tazama jina gani limezuiwa uliongeze hilo peke yake. Usirudishe nyota kwa uvivu.

Halafu pole, nina habari nyingine. Hata ukurasa ukija, mgeni akibonyeza kuingia kwa Google ndani ya kale kadirisha, Google wenyewe watamkatalia kwa kosa la `disallowed_useragent`. Hawaruhusu watu kuingia wakiwa ndani ya vidirisha vya namna hiyo, wanataka brauza kamili. Kwa hiyo nyota zote zile ulizifungua kwa ajili ya mlango ambao Google wameufunga upande wao.

Nyavu_Moshi · saa 3:44 asubuhi

Aisee. Kumbe ndiyo maana wageni wote waliowahi kuingia kwa Google ni wale wa laptopu tu. Nilidhani watu wa simu hawapendi kutoa barua pepe.

Mzee_wa_Kisiju · saa 3:52 asubuhi

Na wana haki ya kutopenda. Barua pepe yangu loji inaitakia nini?

Nyavu_Moshi · saa 3:55 asubuhi

Mzee, muulize bosi. Mimi nalipwa kuweka waya.

FundiWaya · saa 4:10 asubuhi

Mwambie bosi aweke vocha, au fomu ya kawaida ambayo mgeni anaandika barua pepe yake mwenyewe akitaka.

Kama ruta yako ina toleo jipya, kuna na njia iliyo safi kuliko kusubiri simu ikamatwe. Wakati ruta inaigawia simu anwani ya IP, inaweza kuiambia palepale kwamba geti lipo na anwani yake ni hii. Ni DHCP chaguo namba 114, limeandikwa kwenye RFC 8910 ya 2020. Android kuanzia 11 na iPhone kuanzia iOS 14 zinalielewa. Ila lina masharti yake, linataka `https` yenye cheti halali kwenye geti lako, na hapo ndipo mafundi wengi tunapoachia njiani.

Kijana_wa_Posta · saa 5:02 asubuhi

Mkuu, na ile ambayo unafungua tovuti ya benki, inakuja nyekundu "Your connection is not private"? Mimi huwa nabonyeza Advanced, Proceed, ukurasa wa hoteli unakuja.

FundiWaya · saa 5:20 asubuhi

Acha hiyo tabia leo. Brauza inakuambia ulimwita benki na aliyeitika ana kitambulisho cha mtu mwingine. Mara nyingi ni geti la hoteli tu linajaribu kukukamata, kweli, lakini huna namna ya kulitofautisha na mwizi aliyekaa meza ya pili na waifai yenye jina lilelile. `https` imetengenezwa ikatae kuelekezwa kwingine, ndiyo maana nilimsisitizia Mkaguzi aanze na `http`. Funga tovuti ya benki, fungua neverssl au namba ya geti, ingia kwa heshima, kisha rudi benki.

Nyali_Breeze · saa 5:31 asubuhi

Na kama neverssl yenyewe siku hiyo imelala?

FundiWaya · saa 5:34 asubuhi

Andika `http://captive.apple.com`, hata kama simu si ya Apple. Ukiona Success, umeshaingia. Ukiona ukurasa wa hoteli, ndio huo.

Nyavu_Moshi · saa 10:18 jioni

Mrejesho. Nimeondoa nyota zote, nimejaribu Samsung mbili, Xiaomi moja na iPhone ya mpishi, kila moja mara tano. Ukurasa umekuja kila mara. Ila kuna Tecno ya dada wa usafi, hiyo imekuja mara tatu kati ya tano. VPN haina, Private DNS iko Automatic. Akiandika 10.5.50.1 ukurasa unakuja bila shida.

FundiWaya · saa 11:02 jioni

Hiyo sijui bado. Washa Torch kwenye ruta, kile chombo cha MikroTik cha kuona nani anawasiliana na nani, chuja anwani ya hiyo simu, kisha aunganishe upya. Tuone inakwenda kuuliza kwa nani.

Nyavu_Moshi · saa 11:09 jioni

Ameshaondoka zamu. Anarudi Alhamisi.